UZI: Msafara wa maziko na wa harusi una haki gani barabarani? Tumegongana Ngamiani, na harusi iko mbele yetu

Mjomba wa Makorora
Asalaam aleikum wana jukwaa, na habari za kutwa kwa wote.

Wiki iliyopita tulimzika shangazi yetu kijijini Muheza. Alitolewa hospitali ya Bombo, akaoshwa na kusaliwa hapa Ngamiani, Tanga, tukaondoka baada ya Adhuhuri ili tuwahi kuzika Alasiri. Magari yalikuwa kumi na mawili, yote yamewasha hazadi. Hatujatoka hata mjini, kwenye makutano ya kuingia barabara kubwa, gari la jeneza lilipita, la pili likapita, hivyo hivyo mpaka la tano. Noah ya sita ilipoingia ikakutana na bajaji iliyokuwa inakuja kwenye barabara kubwa. Dereva wa bajaji amevunjika mkono. Tunashukuru Mungu hakuwa na abiria.

Trafiki aliyekuja kupima alisema kosa ni la Noah. Binamu yangu aliyekuwa anaendesha hakubali hadi leo. Anasema msafara ni kitu kimoja, ukishaingia mwanzo wake umeingia wote, na hakuna mtu wa Tanga asiyejua kwamba msiba unapishwa. Ukoo umegawanyika nusu kwa nusu.

Sasa nina maswali mawili. Kwanza, nani yuko sahihi? Pili, mwezi ujao tunampeleka bibi harusi Muheza hukohuko, njia ileile, na kwenye kamati mimi ndiye niliyepewa usafiri. Nina magari madogo kumi, kosta moja na pikapu ya matarumbeta. Sitaki tena kusimama barabarani nikiokota vioo. Nipange vipi?

BintiKisosora
Poleni sana kwa msiba, na huyo kijana wa bajaji apone haraka.

Mimi nadhani binamu yako ana hoja. Kaka yangu anaishi Marekani na aliniambia kule msafara wa maziko ukiwasha taa, gari la kwanza likishaingia makutano, magari yaliyobaki yanafuata hata taa ikigeuka nyekundu, na anayekatiza ndiye anayepigwa faini. Kama hazadi zilikuwa zinawaka, bajaji alipaswa kuona. Labda trafiki hakuelezwa vizuri kwamba ni msiba.

Dereva Mkongwe
Dada, kaka yako hakukudanganya. Majimbo mengi ya Marekani yana kifungu hicho, na hata huko wanaofuata wanatakiwa kuangalia kwanza kabla ya kuingia. Ila hiyo ni sheria yao. Hapa kwetu tunatumia Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, na haki ya kupishwa ni ya gari la zimamoto, la wagonjwa na la polisi likiwa kazini linapiga king'ora. Msiba haumo. Harusi haimo. Hazadi, riboni, matawi mlangoni na kitambaa kwenye kioo havimpi mtu haki yoyote.

Kwa hiyo, Mjomba, trafiki yuko sahihi. Noah ya sita ilipofika kwenye ule mstari ilikuwa na wajibu uleule kama vile imekuja peke yake usiku wa manane: isimame, iangalie kulia na kushoto, impishe aliye kwenye barabara kubwa.

Hilo la "msiba unapishwa" nisingependa tulidharau, kwa sababu ni kweli na ni jambo zuri la watu wetu. Mtu anasimamisha pikipiki, anavua kofia, anasubiri jeneza lipite. Lakini hiyo ni hisani ya anayepisha. Anaweza kukupa, wewe huwezi kuichukua. Binamu yako aliichukua kwa mtu ambaye hakuwa amempa.

Na naomba mfikirie alichokiona huyo kijana wa bajaji. Aliona magari matano yanaingia, akapunguza mwendo, akawapisha. Kisha pakatokea nafasi. Atajuaje kama kuna la sita? Hakuna kitu kinachoonyesha mkia wa msafara uko wapi. Kwake yeye msafara ulikuwa umekwisha.

Upande wa pili, binamu yako macho yalikuwa kwenye bampa la gari la tano. Hakuwa anaangalia barabara, alikuwa anaangalia asiachwe. Hapo ndipo ajali nyingi za misafara zinapoanzia.

Chumbageni Yetu
Mnahangaika na harusi za watu wakati misafara ya viongozi inatusimamisha juani tunachelewa kazini! Hao mbona hawaguswi na hiyo Sura ya 168?

Dereva Mkongwe
Kaka, hilo ni swali jingine, lakini lina jibu linalosaidia hapa. Kwenye msafara wa kiongozi anayekusimamisha ni askari polisi aliye kazini, na ishara ya askari inazidi taa, inazidi kibao, inazidi kila kitu. Haki haitokani na urefu wa msafara wala mtu aliyemo ndani. Inatoka kwenye mkono wa yule askari. Askari akiondoka, na haki imeondoka naye.

Boda wa Kange
Mimi ninafanya hizi kazi za harusi. Tunakuwa boda wanne, tunatangulia, mmoja anafunga makutano, msafara unapita, kisha anakimbia kutangulia tena. Bila sisi msafara unakatika kila kona na bibi harusi anafika amenuna. Juzi tu kuna mwenye lori alikataa kusimama pale nilipofunga, ikabidi niruke na pikipiki nikaiacha. Watu hawana adabu siku hizi. Mjomba akitaka nitampa namba yangu sirini.

Dereva Mkongwe
Mdogo wangu, nakuheshimu kwa kazi yako, lakini huyo wa lori hakuwa na wajibu wa kukutii. Raia hana mamlaka ya kusimamisha magari, hata akivaa kizibao cha kuakisi mwanga. Siku utakayosimamisha mtu na wa nyuma yake akamgonga, wewe ndiye utakayetafutwa, na aliyekulipa naye ataulizwa. Na ile ya kukimbia kutoka mkiani kwenda mbele, unaipita misafara upande wa magari yanayokuja. Una watoto wewe.

Boda wa Kange
Mzee nimekusikia. Ila nikiiacha mimi kazi hiyo ataichukua mwingine kesho.

Mama Kamati
Na wapiga picha je? Harusi ya mwisho niliyosimamia, kijana wa video alikaa kwenye bodaboda ameangalia nyuma, kamera mabegani, dereva wa boda anaendesha polepole mbele ya gari la bibi harusi. Mwenzake katoka nusu mwili kwenye dirisha la Noah. Kufika kipilefti wakaamua wazunguke mara tatu ili picha ziwe nzuri, pikapu ya matarumbeta ikasimama kabisa humohumo ndani ya mzunguko. Nyuma kulikuwa na gari la wagonjwa linapiga king'ora. Nilimwona nesi amefungua dirisha anatupungia mkono tuondoke na matarumbeta yamemeza sauti yote. Sitaisahau sura yake. Tangu siku ile kwenye kamati yangu video ya njiani nimeifuta. Picha zinapigwa mlangoni anapotoka na mlangoni anapofika.

Mjomba wa Makorora
Shukrani nyote. Binamu nimemtumia uzi huu, amesoma, hajajibu. Mzee Mkongwe, sasa nisaidie kwenye mpango wenyewe. Nilifikiri dawa ni kubanana: kila mtu amfuate wa mbele kwa karibu ili hakuna gari la kigeni litakaloingia katikati.

Dereva Mkongwe
Hapana, Mjomba. Ni kinyume chake kabisa, na nitaeleza taratibu kwa sababu kamati nyingi zinakwama hapo.

Chukua magari kumi na mawili yanakwenda 50. Mwendo huo, nafasi ya sekunde mbili nyuma ya mwenzako ni karibu mita 28, na chini ya hapo huwezi kusimama kwa salama. Ukijumlisha magari yenyewe na nafasi zake unapata mkia wa mita zaidi ya 360. Sasa weka basi linalotoka Tanga kwenda Segera linataka kuwapita likiwa 80. Ili liwamalize wote na kurudi kushoto litahitaji kama sekunde 50 upande wa kulia, na kwa sekunde hizo litakuwa limekwenda zaidi ya kilomita moja. Barabara ya Muheza ni njia moja kwenda na moja kurudi. Kilomita nzima upande wa wenzako utaipata wapi pasipo kona wala kilima? Dereva wa basi hataipata, atakutana na lori, na atajichomeka katikati yenu kwa nguvu. Mkiwa mmebanana hana pa kuingia, na hapo ndipo watu wanapokufa.

Wagawe wannewanne. Kundi la magari manne, basi lilelile litalipita kwa sekunde kama 19, mita 430 hivi. Hiyo nafasi inapatikana barabarani. Kati ya kundi na kundi acheni pengo kubwa, msiliogope, yeye aingie apumue kisha aendelee.

Jambo la pili ni kufukuzana. Gari la kwanza limevuka makutano linakwenda 50. Wewe umezuiwa sekunde 30 tu, tayari liko mita 400 mbele. Ukienda 60 utahitaji dakika mbili na nusu kulikuta. Dereva mwenye hofu ya kupotea hana subira ya dakika mbili na nusu, kwa hiyo anakwenda 90. Wa nyuma yake amezuiwa zaidi, anakwenda 100. Kiongozi wa msafara ataapa kwamba hakuzidisha 50 na atakuwa anasema kweli, huku gari la mwisho linaruka. Ukitaka kujua kama msafara wako uko salama usikae gari la kwanza, kaa la mwisho uangalie kishale cha spidi.

Dawa yake ni kumwondolea kila dereva sababu ya kukimbia. Kila mmoja ajue anakwenda wapi kama vile yuko peke yake. Mtumie mahali pa kuishia kwenye simu usiku wa kuamkia, na kila gari liwe na mtu mmoja asiye dereva wa kushika simu. Kisha chagueni mahali pa kukutana njiani, pembeni kabisa ya barabara. Hapo wa kwanza anamsubiri wa mwisho. Akikatika mtu kwenye makutano, akatike. Mtakutana.

Na hazadi zimeni. Gari likiwa na hazadi likiwasha indiketa haionekani, wa nyuma hajui kama unakata kulia au unaendelea. Washeni taa za mbele mwanga wa chini, zinatosha.

BintiKisosora
Nimekubali kuhusu sheria. Lakini hazadi sikubali kabisa. Gari la jeneza linakwenda 30, asiyejua atakuja kuligonga kwa nyuma. Bora aonywe.

Dereva Mkongwe
Hapo una neno. Gari linalokwenda polepole mno kuliko wengine, au lililosimama, kuna sababu ya kuonya. Mimi ningependelea lile la mwisho tu katika kundi liwashe likiwa limepunguza sana, na lizime kabla ya kukata kona. Wako madereva wenzangu watakaokataa hata hilo. Ila bora zaidi gari la jeneza lisiende 30 kwenye barabara kuu. Likienda 50 au 60 kwa utulivu marehemu hadhuriki.

Mzee wa Duga
Wanangu, mmezungumza magari. Sisi huku jeneza tunalibeba mabegani, kutoka msikitini hadi makaburini, na barabara tunaivuka. Watu mia wanataka kupokezana, kila mmoja anatafuta thawabu, wanajaa barabara nzima. Kwetu tumewaweka vijana wawili, mmoja hatua kama hamsini mbele ya jeneza na mwingine nyuma kabisa ya watu, wamevaa vizibao vya kuakisi mwanga. Hawasimamishi gari kwa ubabe. Wananyanyua mkono, wanaomba. Gari likikataa kusimama, jeneza linasubiri pembeni. Mwanzoni wazee walinung'unika kwamba maiti hasubirishwi. Nikawauliza, mkigongwa nalo mtakuwa mmemheshimu?

Maziko ya usiku tunabeba kurunzi, na wa nyuma anaimulika chini, si machoni mwa madereva.

Boda wa Kange
Mzee shikamoo. Hiyo ya kuomba kwa mkono naweza kuifanya hata mimi kwenye harusi, sivyo?

Dereva Mkongwe
Ukiwa umesimama pembeni kwa miguu yako, pikipiki imeegeshwa, unawaonyesha wenzako njia, sawa. Ukiegesha pikipiki katikati ya barabara umerudi kulekule.

Kondakta wa Zamani
Kuhusu ile kosta. Mjomba, kama ni ya kukodi muulize mwenyewe kama ana leseni ya LATRA ya kukodiwa, au kama ni daladala ya njia yake basi achukue kibali cha kukodi kabla ya siku. Daladala ya mjini haina ruhusa ya kujiendea Muheza kwa sababu ni harusi. Wakisimamishwa njiani abiria wanashushwa, na ukiona harusi inaanza kuchukua bodaboda porini utajuta. Hesabu na viti. Msiba na harusi ndiyo siku ambazo mwenye gari anajaza watu kwenye ngazi na hakuna anayesema kitu kwa sababu wote ni ndugu.

Na kuna wale wanaochukua Kenta au Fuso, wanatandika mikeka, wanapakia kina mama. Gari la mizigo si la abiria. Kule nyuma hakuna mkanda, hakuna kiti, likifunga breki ghafla wote wanakwenda mbele kwa pamoja. Kamati zinaona rahisi kwa sababu linabeba sufuria na watu kwa safari moja.

Mama Kamati
Naongeza la usiku. Februari 2023, Magila Gereza kule Korogwe, mkoa wetu huuhuu, kosta iliyobeba jeneza na wanafamilia kutoka Dar kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso usiku. Taarifa za mwanzo zilitaja watu 17 waliofariki. Iliyoelezwa ni kwamba Fuso ndiyo iliyokuwa inaovateki kwa kasi, wafiwa hawakuwa na kosa. Nalitaja kwa sababu tangu hapo nikiwa na msiba wa mbali ninabishana na wazee kuhusu saa ya kuondoka. Tuondoke alfajiri, tuzike siku hiyohiyo Alasiri au Mungu akipenda kesho yake. Gizani huoni anayekuja upande wako mpaka amefika.

Mjomba wa Makorora
Ndugu zangu, nimekaa na kamati jana. Nauleta mpango hapa muukosoe.

Tunaondoka Makorora saa tatu asubuhi, si saa sita. Matarumbeta yatapiga mtaani gari zikiwa zimeegeshwa, kisha wapigaji wanaingia kwenye kosta na vyombo vinafungwa kwenye pikapu. Watapiga tena tukifika. Makundi matatu ya magari manne, yanaachana dakika tano. Kundi la kwanza lina pikapu, kundi la kati lina gari la bibi harusi, la mwisho lina kosta. Tutakutana baada ya Pongwe, nimeshazungumza na mwenye uwanja mmoja uliokaa mbali na lami. Mtu wa kukaa gari la mwisho kabisa ni mimi. Hakuna video ya njiani. Madereva wote wamekubali kutokunywa kitu usiku wa kuamkia.

Dereva Mkongwe
Umefanya kazi. Nina matatu tu. Katika kila kundi weka mbele gari zito au la dereva mpole, mwenye gari jipya akae nyuma. Ukiweka kosta mkiani itaachwa kila mlima na dereva wake ataanza kufukuza. Pili, mkiingia uwanjani wote waingie ndani mpaka lile la mwisho liwe limetoka kwenye lami, maana mlango ukiziba watatu wa nyuma watakuwa wamesimama barabarani. Tatu, mkiondoka kuna ile reli. Asiingie mtu kwenye njia ya reli kabla hajaona nafasi ya gari lake zima upande wa pili. Foleni ya msafara inasimama ghafla, usikutwe juu ya chuma.

BintiKisosora
Kwa nini usiombe askari mmoja awasindikize? Jirani yetu aliandika barua ofisi ya trafiki ya wilaya siku chache kabla, akapewa.

Mzee wa Duga
Harusi ya kuchukua askari na barabara ya watu? Kwa msiba mkubwa wa watu wengi naelewa. Kwa harusi askari abaki shuleni anavusha watoto.

Mama Kamati
Mzee, mimi naona kinyume. Magari hamsini bila askari ni hatari kwa hao hao watoto. Ila kwa magari kumi na mawili yaliyogawanywa, kweli hahitajiki.

Mjomba wa Makorora
Hilo la askari kamati nayo haijaafikiana. Kilichonikwamisha zaidi ni mjomba wa upande wa bibi harusi. Anasema bibi harusi akifika na magari manne wenyeji watasema tumemtupa, wanataka waone mkia mrefu. Nifanyeje?

Mama Kamati
Mkifika Muheza, egesheni kundi la kwanza mahali palipo nje ya barabara, karibu na nyumba, na msubiri wote. Wa mwisho akishafika ingieni mtaani pamoja kwa mwendo wa mtu anayetembea, matarumbeta yanatangulia kwa miguu. Mkia wake atauona pale uani. Mwambie mjomba hivyo kabla ya siku, na umpe kazi ya kutafuta hapo pa kuegesha.

Mjomba wa Makorora
Ahsante mama. Nampigia simu leo baada ya Magharibi. Binamu naye amejibu: ameshakwenda kumwona kijana wa bajaji na amekubali kulipia matibabu, lakini bado anasema bajaji alipaswa kuona hazadi. Nimemweka kundi la kati, nyuma ya Noah ya dada yake.

Dereva Mkongwe
Mweke mbele ya kundi. Huko hatakuwa na bampa la mtu la kufuata.